Jirani anapandisha ghorofa ng'ambo ya ujia: kiwanda chetu kitaingia giza?

"Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu, ya chini na ghorofa moja. Aliijenga babu yake mama. Upande wa mashariki, ng'ambo ya ujia wa mita 2, kuna gofu ambalo tangu nipate akili zangu halina ukuta uliozidi kimo cha mtu, ila kipande kimoja cha nyuma. Sasa limenunuliwa. Fundi wao ameniambia watajenga chini na ghorofa mbili, na ukuta wa darini, jumla kama mita 11. Kiwanda chetu, ule uwanja wa wazi ndani ya nyumba, ni mita 4 kwa 5 na ukuta wake wa upande huo una mita 4. Mama hushona msana wa chini, kile chumba kirefu kinachofunguka kiwandani, mimi hupangisha wageni msana wa juu, na darini tuna makuti tunakokaa jioni tukitazama bahari na kisiwa cha Manda. Wengine wananiambia aliyetangulia kujenga hazibwi, wengine wanasema niende kwa kadhi. Je, tutaishi gizani? Na naweza kumzuia?"

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe, kisha nikueleze nimelipataje. Mama ataendelea kushona pale pale alipo. Msana wa juu utapoteza jua la asubuhi mpaka karibu saa nne. Kilicho hatarini kweli ni bahari yako ya darini, na kwa bahati mbaya hicho ndicho kitu ambacho sheria haikilindi. Kwa hiyo ukipanga kupigana, usizitumie nguvu zako zote kwenye kiwanda.

Najua hilo la kiwanda ni gumu kuliamini, maana unawaza mita 11 za ukuta zimesimama mbele yako. Tulipime basi. Simama katikati ya kiwanda, utazame mashariki. Ukuta wako mwenyewe uko mita 2 mbele yako na una mita 4 kwenda juu. Ukichora mstari kutoka miguuni pako kupita ncha ya ukuta huo, unapanda kwa pembe ya nyuzi 63 hivi. Jua lolote lililo chini ya hapo halikufikii hata leo, gofu likiwa gofu. Sasa weka jengo la jirani. Liko mbali zaidi: mita 2 mpaka ukuta wako, nusu mita ya unene wa ukuta, na mita 2 za ujia, jumla 4.5. Kimo chake 11. Mstari wa kupita ncha yake unapanda kwa nyuzi 68. Tofauti ni nyuzi 5 tu.

Kwa kuwa jua linakwenda nyuzi 15 kila saa, nyuzi 5 ni dakika 20. Mwezi wa Machi, sakafu yako ya kiwanda inapata jua la kwanza kama saa nne na dakika 40. Jengo likisimama, italipata saa tano kasoro. Hiyo ndiyo hasara yote ya jua la kiwandani kwa upande wa asubuhi. Wazee waliojenga nyumba hizi walikifanya kiwanda kuwa kisima cha mwanga, na kisima hakijali sana nani amejenga pembeni, alimradi mdomo wake uko wazi juu.

Kuna jambo la pili linalokusaidia, nalo ni mahali tulipo. Lamu iko kusini ya ikweta kwa zaidi kidogo ya nyuzi 2. Jua letu la mchana halishuki kamwe: katikati ya Juni linaegemea kaskazini nyuzi 26 kutoka utosini, katikati ya Desemba linaegemea kusini nyuzi 21, na mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba, linapita utosini kabisa. Nasema haya kwa sababu watu husoma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya London, ambako jua la mchana wa Desemba liko nyuzi 15 tu juu ya upeo na nyumba ya jirani inaweza kukunyima jua majira mazima. Kwetu jirani wa mashariki hawezi kukuzibia jua la mchana hata akitaka. Anachoweza kuziba ni asubuhi, kama vile wa magharibi anavyoweza kuziba jioni.

Halafu kuna mwanga wa ndani, ambao watu huuchanganya na jua. Mama hashoni kwa jua. Anashona kwa mwanga wa mbingu, ule mweupe unaoshuka kiwandani hata siku ya mawingu na kuingia msanani. Misana ya nyumba zetu za mawe kwa kawaida inatazama kibla, na kibla kwetu ni kaskazini. Ikiwa yenu imefuata desturi hiyo, basi mbingu anayoitumia mama ni ya kaskazini, na jirani wa mashariki anaichota kwa pembeni tu. Jengo hili hili lingesimama upande wa kaskazini wa kiwanda, jibu langu lingekuwa jingine na ningekuambia ukimbie.

Unaweza kujithibitishia mwenyewe leo kwa kipande cha chaki. Kaa pale mama anapokaa, macho yako yawe kimo cha macho yake, utazame nje. Ukiona kipande cha mbingu, sehemu hiyo ina mwanga wake halisi. Rudi nyuma taratibu mpaka mbingu ipotee kabisa nyuma ya kizingiti, uweke alama sakafuni. Nyuma ya alama hiyo mnaishi kwa mwanga wa kuazima, uliogonga ukuta kwanza ndipo ukafika. Sisi wasanifu tukitaka kujua kama jengo jipya limedhuru chumba, tunaangalia mstari huo umesogea kiasi gani. Wako, kwa vipimo ulivyonipa, hautasogea hatua moja nzima. Ukisogea zaidi ya hapo, basi kuna kipimo ulichokosea, na hapo ndipo umwite mtu aje na utepe wake.

Huo mwanga wa kuazima nao si wa kudharau. Zile zidaka za ukutani na plasta nyeupe za ndani hazikuwekwa kwa urembo peke yake, zinabeba mwanga kuupeleka nyuma ya chumba. Na hapa jirani yako anaweza hata kukufaidisha. Ukuta wake unaokutazama wewe unatazama magharibi, kwa hiyo kuanzia baada ya adhuhuri utapigwa na jua na kukurudishia. Ukipakwa chokaa nyeupe utarudisha zaidi ya theluthi mbili ya mwanga unaoupokea. Ukiachwa mawe matupu ya saruji, rangi ya jivu, utarudisha robo hivi. Hili ni ombi dogo kwake, na kwako ni tofauti ya kuwasha taa saa kumi au saa kumi na mbili. Niliwahi kusahau kuliandika kwenye ramani yangu mwenyewe. Mwenye nyumba akaishiwa fedha, akauacha mgongo wa nyumba bila plasta, na mama mmoja wa nyuma yake akanisalimu kwa baridi miaka mitatu. Alikuwa na haki.

Twende juu. Msana wa juu una hesabu nyingine, kwa sababu ule ukuta wako wa mita 4 unabaki chini yake. Leo mgeni wako akisimama mlangoni anaona mashariki yote juu ya gofu. Macho yake yako kama mita 5 au 5.5 kutoka ardhini. Jengo la jirani litamzidi kwa karibu mita 6, umbali ni ule ule wa mita 4 na nusu, kwa hiyo pembe inakuwa nyuzi 53. Maana yake nusu ya chini ya mbingu ya mashariki inakwenda, na jua halitaingia mpaka saa nne kasoro hivi, mwaka mzima. Je, ni msiba? Kwa mwanga wa kusoma, hapana, kaskazini bado iko wazi. Kwa joto ni afadhali, maana jua la asubuhi linaloingia kwa ubavu ndilo linalopasha kuta kabla siku haijaanza, na wageni wako watalala zaidi. Kitakachokusumbua ni unyevu. Ukuta wa mawe na chokaa unanyonya maji wakati wa masika na unahitaji jua na upepo kuukausha. Ukuta wa nje unaotazama ujia sasa utakaa kivulini asubuhi nzima. Ukianza kuota ukungu, usikubali fundi aupige plasta ya saruji. Saruji huyafungia maji ndani pamoja na chumvi, na baada ya miaka michache plasta inabanduka na vipande vya ukuta. Tumia chokaa.

Sasa darini, na hapa sitakufariji. Nyumba ya chini na ghorofa moja za Mkomani huwa na sakafu ya dari kwenye mita 7.5 hivi. Ukisimama, macho yako yako mita 9. Ukikaa mkekani, 8.3. Yeye anafika 11. Mita 2 za ukuta zinatosha kuiondoa bahari yote na Manda yote, ubaki na mbingu. Na pamoja na bahari unakwenda upepo. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kusi inatoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo jengo la mashariki linasimama njiani kwa zote mbili, angalau kwa ubavu. Nyuma ya ukuta unaokatiza upepo kunakuwa na eneo la utulivu linaloenea mara kadhaa ya kimo kilichozidi, na makuti yako yako ndani yake. Februari na Machi, kaskazi ikianza kufa, utaona tofauti hiyo zaidi ya utakavyoona tofauti ya mwanga.

Umeuliza kama unaweza kumzuia. Kuna maneno matatu yanayotembea barazani, na yote matatu yamepinda.

La kwanza ni hilo la aliyetangulia kujenga. Kutangulia peke yake hakukupi haki. Kuna punje ya ukweli ndani yake hata hivyo. Sheria yetu ya ukomo wa mashtaka, Sura ya 22, kifungu cha 32, inasema kwamba mwanga au hewa iliyotumiwa na jengo kwa amani, waziwazi, kama haki na bila kukatizwa kwa miaka 20, inakuwa haki kamili. Ndiyo maana nimekifurahia kile ulichoandika kuhusu gofu kuwa hivyo tangu upate akili zako. Kama wewe una miaka 30 na zaidi, na unaweza kupata wazee wawili na picha moja ya zamani, una msingi. Gofu lingekuwa limeanguka miaka 12 iliyopita, hesabu isingetimia. Lakini usiisome haki hiyo kama ahadi ya mwanga wote uliouzoea. Mahakama zinazofuata mkondo huu wa sheria huuliza kama mwanga uliobaki unatosha kwa matumizi ya kawaida ya nyumba, haziulizi umepungua kiasi gani. Na hesabu tuliyoifanya hapo juu, dada yangu, itafanywa pia na wakili wa jirani. Itaonyesha kwamba unatosha.

La pili ni la mandhari. Hakuna miaka ya kutazama bahari itakayoigeuza kuwa mali yako. Sheria ya Kiingereza tuliyoirithi ilikwisha kulisema hili mwaka 1610 katika kesi ya Aldred: mandhari ni starehe tu, si hitaji, hivyo huwezi kumshitaki mtu kwa kuyaziba. Upepo wa jumla nao una kisa chake. Mwenye kinu cha upepo huko Uingereza alishitaki miaka ya 1860 baada ya shule kujengwa mbele ya kinu chake, akashindwa. Hewa inayolindwa ni ile inayoingia kwa tundu au dirisha maalumu la jengo lako. Kusi inayopita darini ni ya Mungu.

La tatu ni la kadhi. Mwende kwake kwa suluhu, kama mzee anayeheshimika na pande zote mbili, hilo ni jema na mara nyingi linafaa kuliko barua ya wakili. Lile neno la kutodhuru wala kudhuriana lina uzito katika mji huu. Ila mahakama yake, kwa Ibara ya 170 ya Katiba, inashughulikia hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu. Ujenzi wa jirani hauingii humo.

Mlango unaokufaa zaidi ni wa kibali. Hawezi kujenga bila idhini ya serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Na kwa kuwa Mkomani iko ndani ya Mji wa Kale, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, Makumbusho ya Taifa ya Kenya nayo ina neno kupitia ofisi yake ya uhifadhi hapo Lamu. Wao wanaangalia kimo, vifaa na sura ya jengo kwa macho makali kuliko kaunti. Nenda ofisi zote mbili wiki hii, uulize kama ombi limefika na uombe kuona ramani. Maneno ya fundi si ramani. Nimeona mita 11 za fundi zikiwa 9 kwenye karatasi, na nimeona 9 za karatasi zikiwa 12 zikisimama. Kama bado hawajaamua, andika pingamizi lako mapema, fupi, lenye vipimo. Wakishaamua na hukuridhika, una siku 14 tangu siku ya uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 si nyingi. Watu wengi hujua kuna kibali wanapoona mchanga umeteremshwa na punda, wakati huo zimekwisha.

Kabla ya kuandika pingamizi, lichunguze gofu lenyewe. Umesema kuna kipande cha ukuta wa nyuma kilichobaki kirefu. Tafuta mashimo ya boriti. Yanakuwa mstari mmoja wa vitundu vinavyofuatana, na kila mstari ni sakafu moja iliyokuwapo. Ukiona mstari mmoja tu na juu yake ukuta unaishia kwa ncha iliyopigwa plasta, nyumba ya asili ilikuwa ya chini peke yake, na kuifanya ya ghorofa mbili ni kitu kipya mjini. Hiyo ni hoja ambayo watu wa uhifadhi wanaielewa mara moja. Ukiona mistari miwili au mitatu, basi jua kwamba babu wa mama yako alijenga pembeni ya nyumba ndefu, na mandhari ya darini mmeyapata kwa sababu jirani alianguka. Inauma kidogo kulijua, lakini afadhali ulijue wewe kwanza kuliko kuambiwa mbele ya kamati.

Mimi ningeanza na jirani, kabla ramani haijagongwa muhuri, kwa sababu kuhamisha ukuta kwenye karatasi ni kazi ya mchana mmoja. Nenda na mtu mzima wa nyumbani, na usiende kumwambia asijenge. Nenda na maombi mawili au matatu yanayomgharimu kidogo. La chokaa nyeupe nimeshalitaja. La pili liwe madirisha yake ya magharibi. Nyumba za kale za mji huu hazikufungua dirisha juu ya kiwanda cha jirani, na nyumba ya ghorofa mbili itawaona mpaka mkekani. Aombwe kizingiti cha chini cha madirisha hayo kiwe juu ya mita 1.7 kutoka sakafu yake, au ayawekee kimia cha mbao. Ninavyowajua watu wetu, hilo litakusumbua kila siku kuliko kivuli.

La tatu ni ghorofa ya juu, na hapa uwe makini usiombe kitu kisichokufaa. Wengi huomba ghorofa ya juu irudishwe nyuma mita 2 au 3 kutoka ujia. Hilo linaleta mwanga zaidi kwenye msana wako wa juu, lakini halikurudishii bahari hata kidogo, kwa sababu ukuta uliorudi nyuma bado umesimama kati yako na maji. Kwa mandhari unahitaji uwazi wa kupenya. Mwambie ghorofa ile ya pili aifanye dari ya wazi yenye makuti badala ya vyumba. Sakafu yake itakuwa karibu mita 6.8, ukuta wa kuegemea wa mita 1 unafika 7.8, na macho yako yakiwa 8.3 ukikaa, unapita juu yake. Ila mgongo wa makuti ulale mashariki kwa magharibi. Ukilala hivyo unatazama ndani ya paa kupitia uso wake wa pembetatu na bahari inaonekana upande wa pili. Ukilala kaskazini kwa kusini, mteremko wa makuti utashuka mbele yako kama pazia, na utakuwa umeomba bure. Pia mkubaliane makuti yake yasifike ukingoni mwa ujia, maana moto wa makuti hauulizi mpaka.

Bila shaka atasema anavihitaji vile vyumba. Basi vyumba viwe nusu, upande mmoja, na nusu iwe wazi. Ni upande upi? Panda darini kwako jioni, ukae mahali unapokaa siku zote, na mwambie fundi wao asimamishe mwanzi wenye kitambaa kwenye kimo cha mita 11 pembe ya kusini, kisha pembe ya kaskazini. Utaona mara moja upande upi unaziba Manda na upi unaziba paa za watu tu. Mwanzi na nusu saa vimemaliza ugomvi ambao mchoro wangu wa rangi haukuumaliza. Mkielewana, yaandikwe na wakili na, kama kiwanja kina hati, yasajiliwe kwenye hati hiyo, la sivyo atakayenunua kwake kesho hatayajua. Kama kiwanja ni cha wakfu, wasimamizi wake wahusishwe tangu mwanzo.

Kuna jambo moja hukuuliza, nami ndilo ambalo lingeninyima usingizi. Kuta zako ni za matumbawe na chokaa, zenye msingi usiokwenda chini sana. Yeye atachimba mita 2 kutoka kwako, na jengo la mita 11 la saruji linataka msingi wa kina. Akichimba chini ya kiwango cha msingi wako, karibu hivyo, mchanga ulio chini ya ukuta wako unaweza kutiririka kuelekea shimoni. Uliza mhandisi wao ni nani na msingi unashuka kiasi gani, na uombe mtaro uchimbwe vipande vipande na kuegemezwa, usiachwe wazi urefu wote kwa wakati mmoja, hasa masika. Kabla jembe la kwanza halijapiga, mwite mhandisi wako apite nyumba nzima, apige picha kila ufa uliopo na kuuandika tarehe. Kwenye nyufa kubwa abandike kipande cha plasta kilichokatiza ufa. Plasta ikikatika wakati wa ujenzi, ufa unatembea. Ukiona ufa mpya unaoingiza sarafu, mlango ulioanza kukwama ghafla, au boriti iliyochomoka kidogo kwenye tundu lake, mtoe mama kwenye msana huo siku hiyo hiyo, na kazi ya jirani isimamishwe mpaka mhandisi aje. Hapo usiniandikie mimi kwanza.

Nitumie vipimo vitatu ukivipata: kimo cha sakafu ya dari yako kutoka ujia, mashimo ya boriti ya gofu yako mita ngapi kutoka chini, na msana wenu unatazama wapi kwa dira. Hivyo vinatosha kunifanya nibadilishe au nisibadilishe nilichosema kuhusu msana wa mama.